Kutoka pointi hadi mechi: kukadiria nafasi ya mchezaji wa tenisi kushinda kwa asilimia za sevu na za kupokea

Mchezaji wa tenisi anayeshinda pointi 52 katika kila 100 haonekani kumzidi mwenzake kwa lolote. Watazame robo saa nzima na bado hutajua nani bora. Lakini wakutanishe katika mechi za seti tatu, na huyo wa pointi 52 atashinda karibu mechi 69 kati ya 100. Wakicheza seti tano, zitakuwa karibu 73. Siri iko katika namna pointi zinavyofungwa ndani ya gemu, gemu ndani ya seti na seti ndani ya mechi: kila tabaka huichukua tofauti ndogo ya tabaka la chini na kuikuza.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kupanda tabaka hizo moja moja, kwa karatasi, Excel au mistari michache ya Python. Tutawafuata wachezaji wawili wa kubuni, Baraka na Idi, kuanzia takwimu zao za msimu hadi nafasi ya kila mmoja kushinda. Hesabu yenyewe ni rahisi. Namba unazoingiza mwanzoni ndizo zinazoharibu kazi, kwa hiyo tutakaa nazo zaidi.

Hatua ya 1: Pata asilimia mbili za kila mchezaji

Unachohitaji ni asilimia ya pointi anazoshinda mchezaji akiwa anapiga sevu, na asilimia ya pointi anazoshinda akiwa anapokea. Ya pili wengi huisahau, na hapo ndipo wanapoanza kupotea, maana mpiga sevu hodari asiyeweza kupokea huonekana bora kuliko alivyo.

Takwimu nyingi hazikupi asilimia ya sevu moja kwa moja. Zinakupa vipande vitatu: sevu za kwanza zilizoingia, pointi alizoshinda kwa sevu ya kwanza, na pointi alizoshinda kwa sevu ya pili. Tuseme Baraka anaingiza sevu ya kwanza mara 62 kati ya 100, anashinda asilimia 74 ya hizo, na kwa sevu ya pili anashinda asilimia 52. Usijumlishe 74 na 52 ukagawa kwa mbili. Ungepata 63, na hiyo si sahihi kwa sababu sevu za kwanza ni nyingi kuliko za pili. Hesabu ni hii:

0.62 × 0.74 + 0.38 × 0.52 = 0.4588 + 0.1976 = 0.656

Yaani karibu asilimia 66. Makosa mawili mfululizo ya sevu tayari yamo ndani ya ile 52, kama pointi za sevu ya pili zilizopotea, kwa hiyo usiyatoe tena.

Ukikusanya mechi nyingi, jumlisha pointi zenyewe: zote alizoshinda juu ya zote alizocheza. Wastani wa asilimia za mechi mojamoja huipa mechi ya dakika 50 uzito sawa na mechi ya saa nne.

Je, mechi ngapi zinatosha? Hapa watu hujidanganya sana. Katika mechi moja mchezaji hupiga sevu kwenye pointi kama 80, na kwa idadi hiyo bahati peke yake huweza kuyumbisha asilimia yake kwa takriban 5 juu au chini. Kwa pointi 2,000 kuyumba kunashuka hadi karibu 1. Kwa hiyo takwimu za wiki moja nzuri hazisemi kitu. Tumia miezi 12 iliyopita kama ipo.

Mchezaji mwenye mechi chache mvute kuelekea wastani. Njia nyepesi ni kumwongezea pointi za kubuni zenye kiwango cha kawaida. Mathalani kijana amecheza pointi 480 za sevu na kushinda 336, yaani asilimia 70. Mwongezee pointi 400 ambazo ameshinda asilimia 64, yaani 256. Sasa ana 592 kati ya 880, asilimia 67.3. Hiyo 400 si amri ya mbinguni. Kama kumbukumbu zako zinaonyesha kwamba bado unawapa vijana wapya sifa kupita kiasi, iongeze.

Hatua ya 2: Wakutanishe

Asilimia 66 za Baraka alizipata dhidi ya watu wa kila aina. Sasa anakutana na Idi, na inabidi tujue atashinda ngapi dhidi ya Idi hasa. Takwimu zao ni hizi:

Baraka: sevu 66, kupokea 38.
Idi: sevu 64, kupokea 36.

Tunahitaji pia wastani wa wachezaji wote. Kwa wanaume wa daraja la juu, ATP, anayepiga sevu hushinda karibu asilimia 64 ya pointi, na kwa hiyo anayepokea hushinda 36. Kwa wanawake wa WTA sevu ina nguvu ndogo, karibu 56, kwa hiyo usichanganye majedwali. Hakikisha wastani wa sevu na wa kupokea vinajumlika 100, maana kila pointi anayoshinda mmoja ameipoteza mwingine. Visipofika 100, umechanganya mashindano au vipindi tofauti.

Mwisho, tunataka wastani wa sevu katika mashindano yenyewe. Kwenye nyasi mpira huteleza chini na sevu inalipa zaidi. Kwenye udongo unapunguza kasi na kuruka juu, na mpokeaji anapata muda. Tuseme uwanja wa leo ni mgumu na una kasi kidogo, wastani wake 65.

Kanuni ni hii: anza na wastani wa mashindano, ongeza kiasi ambacho mpiga sevu anauzidi wastani wa sevu, halafu toa kiasi ambacho mpokeaji anauzidi wastani wa kupokea.

Baraka akipiga sevu: 65 + (66 − 64) − (36 − 36) = 67
Idi akipiga sevu: 65 + (64 − 64) − (38 − 36) = 63

Angalia jinsi uhodari wa Baraka wa kupokea ulivyoshusha sevu ya Idi. Kuanzia hapa takwimu nyingine zote unaweza kuziweka kando. Mechi nzima imebaki katika namba mbili, 67 na 63, na kinachobeba uzito ni pengo la 4 kati yao.

Kuna kosa moja limezoeleka mno hapa. Mtu anachukua sevu ya Baraka, 66, na kile ambacho Idi huwaachia wapiga sevu, 100 − 36 = 64, anatafuta wastani wake na kupata 65. Kwa Idi anafanya vivyo hivyo, 64 na 62, anapata 63. Inaonekana ni haki, lakini pengo limekatwa katikati, kutoka 4 hadi 2, na nafasi ya Baraka inashuka kutoka 69 hadi karibu 60. Baraka anapopiga sevu, ubora wake wote uko uwanjani, si nusu yake. Ukiona makadirio yako yote yanajikusanya kati ya 45 na 60, hata pale bingwa anapokutana na mchezaji wa kufuzu, kagua hatua hii kwanza.

Kosa la pili ni kupuuza wapinzani waliotoa takwimu hizo. Mchezaji aliyekaa mwaka mzima kwenye mashindano ya daraja la chini ya Challenger anaweza kuwa na sevu 68, juu ya wengi walio kileleni, kwa sababu wapokeaji wake walikuwa dhaifu. Dalili yake ni kwamba hesabu inamwona sawa na mtu wa kumi bora. Dawa ni kurudi mechi kwa mechi: angalia wapinzani wake hupokea asilimia ngapi kwa kawaida, kisha urekodi amewazidi wapiga sevu wengine kwa kiasi gani dhidi ya watu haohao.

Hatua ya 3: Kutoka pointi hadi gemu

Mpe anayepiga sevu uwezekano *p* wa kushinda pointi, na *q* = 1 − *p*. Anaweza kushinda gemu huku mpinzani hana kitu, akiwa na 15, au akiwa na 30. Au wakafika 40-40, kisha akashinda pointi mbili mfululizo. Ukiziweka zote pamoja:

```
G = p^4 (1 + 4q + 10q^2) + 20 p^3 q^3 × p^2 / (p^2 + q^2)
```

Hiyo 10 inahesabu njia za kufikia ushindi mpinzani akiwa na 30, na 20 inahesabu njia za kufika 40-40. Kwa Baraka, p = 0.67, sehemu ya kwanza ni 0.687 na ya pili 0.174. Jumla 0.861. Kwa Idi, p = 0.63, tunapata 0.795.

Yaani Baraka hushika gemu zake za sevu mara 86 kati ya 100, Idi mara 79 au 80. Pengo la 4 kwenye pointi limekuwa karibu 7 kwenye gemu.

Hatua ya 4: Kutoka gemu hadi seti

Wengi huanza kuchora matawi hapa, 1-0, 1-1, 2-1, na kuchoka njiani. Kuna mkato mzuri. Jifanye kwamba gemu 10 za kwanza zinachezwa zote, hata kama seti imeshaisha. Aliyefika 6 kabla ya mwenzake kufika 5 lazima awe na gemu 6 au zaidi katika hizo 10. Na asiyefika hawezi kuwa nazo. Gemu za ziada za kujifanya hazibadilishi mshindi. Katika gemu hizo 10 kila mmoja anapiga sevu mara 5, kwa hiyo haijalishi nani alianza. Ndiyo maana katika mfumo huu kura ya sarafu haimpi mtu faida.

Basi hesabu Baraka anashinda gemu ngapi kati ya 5 za sevu yake, kwa 0.861 kila moja, na ngapi kati ya 5 za sevu ya Idi, kwa 0.205 kila moja. Katika Excel kila kipande ni `BINOM.DIST`. Ukiyajumlisha, Baraka anapata gemu 6 au zaidi kwa uwezekano 0.435, na wanafika 5-5 kwa uwezekano 0.334.

Wakiwa 5-5, zinabaki gemu mbili, moja kwa kila mmoja. Baraka anazichukua zote mbili kwa 0.861 × 0.205 = 0.177, na seti inaisha 7-5. Wanagawana kwa 0.713, wanaingia taibreki.

Taibreki nayo inakubali mkato uleule. Cheza pointi 12 zote: kila mmoja anapiga sevu 6. Mwenye pointi 7 au zaidi ameshinda. Wakiwa 6-6, atashinda atakayechukua pointi mbili mfululizo, moja ya sevu yake na moja ya mwenzake. Kwa Baraka jibu ni 0.567.

Kwa hiyo seti: 0.435 + 0.334 × (0.177 + 0.713 × 0.567) = 0.629.

Hatua ya 5: Kutoka seti hadi mechi

Seti ikiwa na uwezekano S, mechi ya seti tatu ni S²(3 − 2S), na ya seti tano ni S³(10 − 15S + 6S²). Baraka anapata 0.689 na 0.731. Hizo ndizo 69 na 73 za mwanzo, kwa sababu mtu mwenye 67 akipiga sevu na 37 akipokea hushinda wastani wa pointi 52 kati ya 100, mradi pointi za sevu za pande mbili zilingane idadi.

Kwa asiyependa kujaza vijisanduku, hii hapa hesabu nzima:

```python
from math import comb

def b(n, k, p):
    return comb(n, k) * p**k * (1-p)**(n-k)

def jumla(n, x, y):   # n kwa sevu yake, n kwa sevu ya mpinzani
    return [sum(b(n, i, x) * b(n, k-i, y)
            for i in range(n+1) if 0 <= k-i <= n)
            for k in range(2*n+1)]

def gemu(p):
    q = 1 - p
    return p**4*(1+4*q+10*q*q) + 20*(p*q)**3 * p*p/(p*p+q*q)

def taibreki(a, c, n=6):
    j = jumla(n, a, 1-c)
    d = a*(1-c) / (a*(1-c) + (1-a)*c)
    return sum(j[n+1:]) + j[n]*d

def seti(a, c):
    A, C = gemu(a), gemu(c)
    j = jumla(5, A, 1-C)
    sare = A*C + (1-A)*(1-C)
    return sum(j[6:]) + j[5]*(A*(1-C) + sare*taibreki(a, c))

s = seti(0.67, 0.63)
print(s, s**2*(3-2*s), s**3*(10-15*s+6*s*s))
```

Tangu 2022 mashindano yote manne makubwa, yaani Grand Slam, yanamaliza seti ya mwisho kwa taibreki ya pointi 10 ikifika 6-6. Weka `n=9` kwenye taibreki ya seti hiyo. Kwa wachezaji waliokaribiana kama hawa jibu linasogea kidogo mno.

Kabla ya kuiamini programu yako, iwekee namba ambazo jibu lake unalijua. `seti(0.64, 0.64)` lazima itoe 0.5, ukiacha vijidesimali vya mwisho kabisa. Ukibadilisha nafasi za wachezaji, majibu mawili lazima yajumlike 1. Kosa la kawaida ni kuingiza asilimia ya Idi ya kupokea mahali panapotaka ya sevu; utaliona mara moja kwa sababu Baraka atapewa 99 na ushee.

Jibu ni imara kiasi gani?

Katika mechi ya seti tatu ya wachezaji wa kiwango hiki, kila asilimia 1 ya pengo la sevu ina uzito wa karibu asilimia 4 hadi 5 za mechi. Sasa kumbuka kuyumba kwa hatua ya kwanza: kila moja ya takwimu nne, hata ikiwa na pointi 2,000, ina shaka ya karibu 1. Zikikutana, pengo lenyewe lina shaka ya karibu 2. Kwa hiyo 69 ya Baraka ingeweza kuwa 60 au 77 bila mtu kukosea popote. Kuandika 68.9 ni mapambo.

Kuna pia dhana iliyojificha chini ya yote: kwamba kila pointi ya sevu ina uwezekano uleule, iwe ya kwanza ya mechi au ya kuokoa mechi. Watafiti wa Uholanzi Franc Klaassen na Jan Magnus waliipima kwa karibu pointi 90,000 za Wimbledon za miaka ya 1992 hadi 1995. Waligundua kwamba si kweli kabisa: aliyeshinda pointi iliyopita ana nafasi kubwa kidogo kwenye inayofuata, na mpiga sevu hupungukiwa kidogo kwenye pointi nzito. Lakini tofauti ni ndogo kiasi kwamba kwa kukadiria mechi dhana hiyo inatosha. Shida yako kubwa itabaki namba za kuingiza.

Fainali ya Wimbledon ya 2019 hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba hesabu hizi hazifai. Roger Federer alishinda pointi 218, Novak Djokovic 204, na bado Djokovic akachukua kombe kwa seti tatu za taibreki: 7-6, 1-6, 7-6, 4-6, 13-12. Zile 218 ni karibu asilimia 52 ya pointi zote. Lakini pointi hazina thamani sawa, na seti ya 6-1 humeza pointi nyingi za mshindi bila kumpa zaidi ya seti moja. Federer alikuwa anaongoza 8-7 na 40-15 kwa sevu yake. Ukimpa asilimia 70 ya pointi za sevu, nafasi yake ya kumaliza gemu ile ilikuwa 98.6 kati ya 100. Djokovic alipita kwenye ile 1.4. Mfumo unaosema kitu hutokea mara moja katika 70 haujakosea kikitokea mara moja.

Namna ya kujua kama umekosea ni nyingine. Weka daftari la makadirio yako kabla ya mechi, na yakishafika mia kadhaa, toa yale yote uliyosema kati ya 65 na 75. Wachezaji karibu 70 katika kila 100 wanapaswa kushinda. Wakishinda 62, unatanua mapengo kupita kiasi: ongeza zile pointi za kubuni za hatua ya 1. Wakishinda 78, huenda umerudi kwenye ile tabia ya kukata pengo nusu.

Mechi ikiwa inaendelea

Namba zilezile zinatumika, ila unaanzia matokeo yaliyopo. Baraka akishinda seti ya kwanza ya tatu, nafasi yake ni 1 − (1 − 0.629)², yaani 86. Akiipoteza, lazima ashinde mbili: 0.629², karibu 40.

Kishawishi ni kubadilisha 67 yake kwa kile ulichokiona leo. Tuseme katika seti aliyopoteza alipiga sevu pointi 35 na kushinda 20 tu, asilimia 57. Ukiweka 57 kwenye hesabu, Baraka amekwisha. Fanya kama ulivyomfanyia yule kijana: hesabu ile 67 kama pointi 400 alizokwisha kucheza, 268 ameshinda, kisha ongeza za leo. 288 kati ya 435 ni 66.2. Seti mbaya imemshusha chini ya asilimia moja, na hivyo ndivyo inavyostahili, isipokuwa umemwona akichechemea au akimwita daktari uwanjani. Hapo takwimu za mwaka mzima ni za mtu mwingine.